Ndoto za Kutisha Zinazojirudia kwa Watu Wazima: Maswali Ninayoulizwa Kigoma

"Mtu mzima kuamka akipiga kelele kila siku, huo si ugonjwa wa watoto?"

Hapana. Jinamizi ni ndoto ya kutisha inayokuamsha huku moyo ukienda mbio, nawe ukaikumbuka vizuri. Kila mtu hulipata mara mojamoja, hasa akiwa na homa. Huwa tatizo la kutibiwa linaporudi wiki baada ya wiki hata mtu akaogopa kulala, au akashindwa kufanya kazi zake akiwa macho. Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni tukio zito: boti iliyozama ziwani, ajali ya basi, kipigo cha nyumbani, kubakwa, au vita ambavyo wenzetu walioko kambini Nyarugusu walivikimbia. Dawa chache, kama propranolo ya shinikizo la damu, nazo huweza kuleta ndoto hizi. Ukihisi hivyo, mweleze aliyekuandikia, wala usiiache kwa uamuzi wako.

"Nikinywa gongo kidogo, au nikimeza kidonge cha usingizi cha dukani, sioti kitu. Ubaya uko wapi?"

Ubaya uko saa chache baadaye. Pombe huuzuia usingizi wa ndoto mwanzoni, kisha ikishapungua mwilini usingizi ule hurudi kwa nguvu, na ndoto huja zikiwa kali zaidi. Ndiyo maana mnywaji huniambia, "Nalala vizuri, lakini alfajiri nakiona cha moto." Kesho huongeza glasi, na keshokutwa huongeza tena. Anayefika kwangu baada ya miaka miwili ya mtindo huo ana magonjwa mawili, wala si moja.

Vidonge vya diazepamu vinavyouzwa kimoja kimoja bila cheti havina nafuu. Mwili huvizoea, na mtu aliyevitumia kwa muda mrefu akiviacha ghafla anaweza kupata degedege. Kuvichanganya na pombe kunaweza kukusimamishia pumzi usingizini.

"Na kama ni kidogo tu, wakati nasubiri nafuu?"

Hapana. Hata kidogo, na hata kama jirani yako alikitumia akapona. Kama tayari unanywa kila siku, au unameza vidonge hivyo kila siku, njoo tukupunguzie taratibu, usiache peke yako ghafla.

"Wapo wanaosema nimetumiwa na mtu. Nianzie kwa mganga?"

Ninaoletewa baada ya kuzunguka kwa waganga huwa wameuza mbuzi na wamegombana na shangazi wa watu asiye na kosa lolote, na ndoto bado zipo. Sala na dua sizikatazi kabisa, na wengi huzifanya pamoja na matibabu. Ninachokataa ni mwaka mzima kupita kabla hujafika zahanati, na kikongwe wa jirani kutajwa jina kwa sababu ya ulichoota.

"Basi tiba yenyewe ni ipi?"

Ni kuiandika ndoto upya ukiwa macho, kisha kuyapitia mandhari yake mapya akilini kila siku. Ndoto inayojirudia hufanana na mazoea: ubongo umezoea njia ile, nasi tunaufundisha njia nyingine. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake walichapisha utafiti walioufanya New Mexico, Marekani, kwa wanawake 168 waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Waliofundishwa njia hii kwa vikao vichache walipungukiwa na ndoto mbaya, na usingizi wao ukawa bora.

Nitaieleza kwa mvuvi mmoja wa dagaa, ambaye baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha asitambulike. Mtumbwi wao ulipinduliwa na upepo na mwenzake akafa maji. Tangu hapo, katika siku 7 za wiki aliamka na ndoto ileile siku 5: yumo majini, taa ya kuvulia inazama ikiwa bado inawaka, na mkono wa mwenzake unamponyoka.

Hatukuanza na ndoto hiyo. Anayeanza na ndoto iliyo kali kuliko zote hutetemeka siku ya kwanza na harudi siku ya pili. Alikuwa na nyingine, nyepesi kidogo, ya kuachwa ufukweni na wenzake, tukafanya mazoezi na hiyo kwa wiki mbili. Wiki ya tatu ndipo tulipoishika ile ya maji. Aliiandika kwa mistari michache kwenye daftari la shule la mwanawe, kisha akaibadilisha kuanzia kabla ya sehemu inayomtisha. Mimi nilipendekeza ije boti ya kuwaokoa. Alikataa, na alikuwa na haki, kwa sababu badiliko ni la mwotaji. Katika ndoto yake mpya taa haikuzama, ilielea, na mwanga wake ukaonyesha mchanga chini. Maji yalimfika magotini, akasimama, akatembea hadi nchi kavu akisikia baridi ya maji miguuni. Hakumrudisha mwenzake aliyekufa. Alisema huo ungekuwa uongo.

Kwa kuwa wavuvi wa dagaa hulala asubuhi, alifanya zoezi alasiri kabla ya kuingia ziwani, dakika 10 hadi 15, amekaa kimya na macho ameyafumba, akiipitia ndoto mpya peke yake. Ndoto ya zamani haipitiwi tena. Hapo ndipo wengi wanapokosea: huanza na ya zamani "ili kuunganisha", na kumbe wanaikomaza.

"Nitajuaje kama inafanya kazi? Mbona ile ndoto mpya siioti?"

Si lazima uiote. Mvuvi yule hajaiota hata mara moja. Weka alama kwenye kalenda kila unapoamshwa na jinamizi, kisha hesabu alama za wiki. Zake zilitoka 5 zikafika 2 mwishoni mwa wiki ya sita, na hizo mbili zilikuwa hazina nguvu ya zamani. Ukiona katikati ya zoezi ya zamani inajiingiza na kifua kinabana, fumbua macho, taja vitu vitano unavyoviona mbele yako, na kesho chagua ndoto iliyo nyepesi zaidi.

"Dini yangu inanifundisha kwamba ndoto mbaya haisimuliwi. Nifanyeje?"

Usinisimulie. Iandike kwako, au ibaki kichwani, na uniambie tu kama umeshapata badiliko. Zoezi linahitaji ndoto mpya, na hiyo haimo katika katazo lolote.

"Ni lini nisijaribu peke yangu nyumbani?"

Tukio likikurudia hata ukiwa macho, ukishtuka kwa kila mlio na kukwepa kila kinachokukumbusha, usianze peke yako. Anza ukiwa na mhudumu wa afya ya akili, maana zoezi hili hupunguza ndoto lakini peke yake halitoshi kuutibu mshtuko wenyewe. Na kama ndoto zimekufikisha mahali pa kuwaza kwamba ni afadhali ufe, usisubiri kliniki ya wiki ijayo, wala usisubiri kupambazuke ukiwa na chupa mkononi. Mwamshe mtu wa nyumbani sasa hivi, akupeleke hospitali usiku huohuo. Mapokezi ya dharura yapo wazi, na "naota vibaya hadi natamani kufa" ni sababu kamili ya kupokelewa.