Bega linauma kwenye benchi: mashine, kebo au vyuma huru?

Wengi wanaofika kitengo chetu cha fiziotherapia wakilalamikia bega wameshaambiwa waache kabisa mazoezi ya kifua. Mara nyingi inatosha kubadili kifaa kwa muda.

Tuchukue mwanamume wa miaka 48 anayesukuma chuma kirefu cha kilo 50 akiwa amelala kwenye benchi. Kikikaribia kifua, bega la kulia linachoma kwa mbele. Chuma hicho kimeifunga mikono yote miwili, viganja haviwezi kugeuka, na viwiko vikitanuka sana bega hubanwa pale chini.

Dambeli zingemruhusu kugeuza viganja vitazamane, na bega hupenda hivyo. Shida ni kwamba kila mkono unatafuta mizani yake, na bega lenye maumivu hutetemeka. Tena kutoka dambeli za kilo 14 kwenda 16 ni nyongeza ya kilo 4 kwa pamoja, yaani asilimia 14 kwa mkupuo. Kwa bega kama hili, mimi huanza na mashine ya kusukuma umekaa, hata kama vijana wa jimu wanaiona ya wavivu. Njia yake haiyumbi, kwa hiyo nguvu yote inakwenda kwenye kusukuma.

Ila irekebishwe kwanza. Kiti kipande au kishuke mpaka vishikio viwe usawa wa katikati ya kifua, si wa mabega. Viwiko viwe kama nyuzi 45 kutoka ubavuni. Kama mashine ina pini ya kuanzia, isogeze mbele ili mikono isivutwe nyuma ya kifua. Mashine isiyokubali umbo lako, iache.

Afanye seti 3 za marudio 8, akibakiza nguvu ya marudio mawili. Seti zote zikifika 12, aongeze bamba moja. Akishuka chini ya 8, bamba hilo ni kubwa mno kwake. Arudi nyuma na aongeze marudio kwanza. Maumivu yasiyozidi 3 kati ya 10, na yaliyokwisha kesho yake asubuhi, tunayavumilia.

Bega likitulia, kebo ni hatua nzuri, maana unachagua mwenyewe mkono upite wapi. Kwenye kebo nyingi zenye kapi la ziada, kilo 10 za mabamba huufikia mkono kama kilo 5, hivyo nyongeza huwa ndogo. Usilinganishe namba zake na za mashine nyingine. Mwisho arudi kwenye chuma kirefu kitupu, ambacho kwa kawaida ni kilo 20, na aongeze visahani vya kilo 1.25 kila upande.

Maumivu yanayokuamsha usiku, ganzi mkononi, au mkono usionyanyuka baada ya kuanguka havitibiwi kwa kubadili kifaa. Hapo nenda hospitali kabla ya kugusa uzito wowote.