Kabla ya injini, kagua paa

Mtu anayeanza kampuni ndogo ya utalii akiniita gereji hapa Arusha nimkagulie Landikruza, hukimbilia boneti. Mimi huomba ngazi kwanza.

Injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, hainipi wasiwasi. Milimani inapanda polepole, lakini pampu yake haitegemei kompyuta, kwa hiyo ikisumbua katikati ya Serengeti fundi ana pa kuanzia.

Wasiwasi wangu uko juu. Gari hili halikutoka kiwandani na paa la kunyanyua, lile linalomruhusu mgeni asimame atazame wanyama. Mafundi walikata bati pamoja na vyuma vilivyokuwa vikiishika bodi isipinde, na mara nyingi wakakata chesisi pia na kuirefusha ili kila mgeni apate dirisha lake. Kama hawakuzungushia tundu la paa fremu imara, barabara za vumbi zenye mawimbi kama bati zitailegeza bodi kidogo kidogo.

Majuzi kijana mmoja alinileta kwenye gari la viti saba, rangi inang'aa, bei ya kuvutia. Kwenye sakafu ya gereji milango yote ilifunga vizuri. Nikapandisha tairi moja la nyuma juu ya jiwe, na mlango wa nyuma ukagoma kufunga. Hapo nikajua bodi inapinda. Nikaingia chini, nikakwangua rangi pale chesisi ilipoungwa, nikakuta ufa mwembamba kama unywele ukifuata ukingo wa weldi. Mwisho tulifunga paa na kulimwagia maji kwa mpira kwa dakika kumi. Kiti cha nyuma kikalowa, na panapopita maji vumbi halishindwi.

"Kaka, si tubadilishe raba ya paa tu?" akauliza. Raba mpya ingeziba kwa safari chache, lakini fremu iliyokwishapinda ingeifungua tena. Tukaliacha.

Alikuwa amefikiria pia gari la wazi, lisilo na vioo. Kwa kambi iliyo ndani ya hifadhi ni zuri sana, mgeni anapiga picha bila kizuizi. Lakini wageni wake wanatoka Arusha mjini, wanakula lami na vumbi kwa saa nyingi, na alfajiri ukingoni mwa Ngorongoro baridi ni kali. Paa la kunyanyua linawapa kivuli wakiwa wamesimama, kisha linafungwa.

Gari alilochukua hatimaye ni la zamani zaidi na rangi yake imechoka. Juu ya jiwe lile lile milango ilifunga. Nilimsimamisha ndani dereva wake mrefu kuliko wote, paa likiwa juu, na kichwa hakikugusa. Nimemshauri auze nafasi sita tu, kiti cha saba kibebe mabegi, maana mzigo ukiwekwa juu ya paa unaifanya fremu ile ile ichoke mapema.