Rangi ya Fataki Ikizimika, Metali Yake Huenda Wapi?

Fataki inapopasuka na kumwaga cheche za kijani, rangi hiyo hutoka kwenye chumvi za bariamu, na bariamu yenyewe haiteketei. Moto huvunja misombo na kuunda mingine, lakini elementi hubaki zilezile. Kwa hiyo metali iliyojazwa kiwandani hutawanyika yote, sehemu yake ikiwa vumbi laini mno linaloweza kuelea hewani kwa saa nyingi.

Kinachorusha fataki angani ni baruti nyeusi, yaani nitrati ya potasiamu, mkaa na salfa. Nitrati hutoa oksijeni, hivyo baruti huungua bila kutegemea hewa ya nje. Wengi hudhani kwamba ikishaungua hugeuka gesi tupu, kumbe zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki yabisi, hasa kaboneti na salfeti ya potasiamu. Ule moshi mweupe, basi, kwa sehemu kubwa ni chumvi, nayo hufyonza unyevu, ndiyo maana penye unyevu mwingi ukungu wa fataki huwa mzito zaidi.

Rangi hutegemea vidonge vinavyoitwa nyota. Bariamu ikiwaka bila klorini hutoa kijani kilichopauka. Ikiipata, ndani ya mwali huundwa molekuli ya BaCl, isiyodumu, ambayo ndiyo hutoa kijani kilichokolea. Strontiamu hutoa nyekundu kwa njia kama hiyo. Shaba hutoa buluu, lakini mwali ukizidi joto molekuli zake huvunjika, na kwa hiyo buluu iliyokolea huwatoa jasho hata mafundi wazoefu. Mvuke wa metali hizi ukipoa huganda kuwa chembe, nyingi zikiwa chini ya mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Delhi huonyesha tatizo hili waziwazi. Diwali, sikukuu ya Kihindu inayosherehekewa kwa fataki nyingi, huangukia usiku usio na mwezi wa Oktoba au Novemba, msimu ambao upepo huwa hafifu na hewa baridi hulala karibu na ardhi, ikifunikwa na hewa yenye joto, hivyo moshi hukosa pa kwenda. Lakini msimu huohuo wakulima wa majimbo jirani huchoma mabua, nayo pia hutoa potasiamu, na bariamu hutoka hata kwenye breki za magari. Mtaalamu anayepima vichujio vya hewa hawezi, kwa hiyo, kutegemea elementi moja; hutazama kama bariamu, strontiamu na potasiamu zimepanda pamoja katika saa zilezile za fataki.

Mnamo Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya India ilipiga marufuku chumvi za bariamu kwenye fataki, kwa kuwa zile zinazoyeyuka majini ni sumu. Hatua hiyo huondoa metali moja. Moshi wa potasiamu unabaki, maana huo hutoka kwenye baruti yenyewe.