Kibao cha Uruk hakina hadithi

"Hapa pameandikwa nini, ni barua ya mfalme?" Kila anayeonyeshwa kibao cha udongo kutoka Uruk, kusini mwa Iraki, cha takriban mwaka 3300 KK, huuliza hivyo. Hapana. Ni hesabu ya ghala. Dhana kwamba maandishi yalibuniwa ili kunakili maneno ya watu ndiyo inayochosha kuliko zote, kwa sababu humfanya mtu atafute sentensi mahali ambapo hapajawahi kuwa na sentensi.

Vibao vingi vya awali vya huko ni kumbukumbu za nafaka, mifugo, bia na posho za wafanyakazi. Vichache ni orodha za maneno za kufundishia makarani. Uso wa kibao umegawanywa vyumba kwa mistari. Ndani ya chumba mna tarakimu, alama ya kitu, na pengine cheo cha mhusika. "Alipewa" au "alileta" haikuandikwa: karani aliyekuwa kazini alijua.

Kwa hiyo anza na tarakimu, achana na picha. Tete iliyokandamizwa kimshazari kwenye udongo mbichi huacha tundu kama alama ya ukucha. Iliyosimamishwa wima huacha duara. Kwa kondoo, duara moja ni kucha kumi. Kwa shayiri, duara moja ni kucha sita tu. Hapo ndipo wengi hukwama.

Tuseme chumba kimoja kina duara moja na kucha nne, na cha pili duara moja na kucha tano. Nyuma ya kibao, panapoandikwa jumla, pana maduara matatu na kucha tatu. Ukihesabu kwa makumi, unapata 14 na 15, yaani 29, lakini nyuma panasoma 33. Usimlaumu karani. Hesabu kwa sita: 10 na 11 ni 21, na nyuma ni 18 na 3, yaani 21 ileile. Basi ni shayiri, hata kama alama ya kitu imebanduka. Na ukikuta kucha saba kwenye chumba kimoja, hiyo si shayiri, kwani kucha ya sita ingekwisha kugeuzwa duara.

"Lakini si walichora tu wanyama?" Alama ya kondoo ni duara lenye msalaba ndani. Mtafute kondoo humo.

"Walichoma vibao ili vidumu milele." Vingi vilikaushwa tu. Hesabu ikishafungwa, kibao hakikuwa na kazi tena; vya Uruk vingi vimepatikana kwenye vifusi vya kujazia ardhi, pamoja na vigae vya vyungu.

Na hizo hadithi zinazotafutwa? Za kwanza tulizo nazo kwenye udongo ni za takriban mwaka 2600 KK, miaka kama 700 baada ya shayiri.