Kubadilisha maneno si kueleza upya: dhana potofu kuhusu wizi wa kitaaluma

Dhana: Ukibadilisha maneno, sentensi inakuwa yako

Hii ndiyo dhana inayowaponza wanafunzi wengi, tena wale wenye nia njema. Mtu anafungua kitabu upande mmoja na kompyuta upande wa pili, anasoma sentensi, anabadilisha neno hapa na pale kwa visawe, anaweka jina la mwandishi mwishoni na kuendelea na sentensi ya pili. Kanzu ni ile ile, ila imetiwa vifungo vipya.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Mombasa anayeandika insha kuhusu Ngome ya Yesu. Tuseme chanzo chake, ukurasa wa 42, kinasema hivi (kifungu tumekitunga kwa ajili ya mfano):

> Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Kuta zake nene za matumbawe zilikusudiwa kulinda bandari dhidi ya mashambulizi kutoka baharini. Hata hivyo, Waomani walipoizingira kuanzia Machi 1696, haikuangushwa na mizinga. Ilidhoofishwa na njaa na maradhi hadi ilipotekwa Desemba 1698.

Mwanafunzi akaandika:

> Wareno waliasisi ujenzi wa Ngome ya Yesu mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Maboma yake manene ya matumbawe yalidhamiriwa kuhami bandari dhidi ya uvamizi kutoka majini. Hata hivyo, Waomani walipoizunguka kuanzia Machi 1696, haikuporomoshwa na mizinga. Ilidhoofika kwa njaa na magonjwa mpaka ilipochukuliwa Desemba 1698 (Mwandishi, 2015: 42).

Msimamizi mzoefu hahitaji programu yoyote kuling'amua hili. Usihesabu maneno yaliyofanana, tazama kiunzi. Chanzo kina sentensi nne, na hapa pia ni nne. Mjenzi, kuta, kuzingirwa, njaa: mpangilio ni ule ule. "Hata hivyo" imekaa pale pale. Hata ile nukta inayotenganisha mizinga na njaa imebebwa ilivyo. Na pale ndipo penye kazi hasa ya mwandishi wa kwanza. Mwaka 1593 na jina la Cairati ni habari ya kihistoria isiyo na mwenyewe. Lakini kuziweka kuta nene upande mmoja na njaa upande wa pili, ili msomaji aone kilichoshindikana, ni fikra ya mtu.

Visawe navyo vimeharibu maana. Boma si ukuta. Boma ni ngome yenyewe au ua uliozungushiwa, kwa hiyo mwanafunzi ameipa ngome moja maboma kadhaa. "Kuasisi" tunaasisi chama au taasisi, hatuasisi ujenzi. Kila mtu anapotafuta kisawe kwa kukimbia neno badala ya kutafuta maana, makosa ya aina hii hujitokeza, nayo ni dalili kwamba kifungu kilibadilishwa bila kueleweka.

Sasa tazama hiki, kilichoandikwa na mwanafunzi ambaye swali lake ni kwa nini ngome za mawe zilianguka:

> Unene wa kuta haukutosha kuiokoa Ngome ya Yesu. Kwa mujibu wa Mwandishi (2015: 42), waliokuwa ndani walimalizwa na njaa na maradhi, si mizinga ya Waomani. Mzingiro wenyewe ulichukua takriban miezi 33, muda ambao akiba ya chakula haiwezi kuhimili bila msaada wa meli.

Cairati hayumo kwa sababu swali halimhitaji. Mwanzo wa maelezo ni hitimisho la mwanafunzi. Hoja ya mwandishi imetajwa kuwa ni yake, na miezi 33 imehesabiwa na mwanafunzi mwenyewe kutoka kwenye tarehe. Kauli ya mwisho kuhusu chakula na meli ni yake pia, na mtahini akimuuliza, ni juu yake kuitetea.

Njia ya kufikia hapo ni rahisi, ingawa inachosha. Soma kifungu mara mbili, kifunge kitabu, kisha andika kwa ufupi vitu viwili au vitatu ambavyo swali lako linavihitaji. Andika aya yako kutokana na ufupisho huo, si kutokana na kitabu. Ndipo ufungue kitabu kulinganisha: pigia mstari maneno yanayofanana, ukiacha majina, tarehe na istilahi zisizo na mbadala, halafu weka namba kwenye hoja za pande zote mbili. Namba zikifuatana sawasawa, yaani 1, 2, 3 kwa 1, 2, 3, rudi ukaandike upya hata kama hakuna mstari hata mmoja. Na kama kuna kirai kizuri usichoweza kukiacha, kinukuu ndani ya alama za kunukuu. Hakuna aibu katika kunukuu.

Dhana: Nimetaja chanzo, kwa hiyo nimesalimika

Kutaja chanzo humwambia msomaji hoja imetoka wapi. Lakini bila alama za kunukuu, unamwambia pia kwamba maneno na mpangilio ni wako. Kifungu cha mwanafunzi wa kwanza hapo juu kina jina na ukurasa, na bado kina kosa, kwa sababu dai hilo la pili si kweli.

Tatizo jingine ni mabano yanayowekwa mwishoni mwa aya ya sentensi saba. Msomaji atajuaje kama sentensi zote saba zimetoka kwa mwandishi huyo au ni ile ya mwisho tu? Ndiyo maana "kwa mujibu wa" mwanzoni hufaa kuliko mabano mwishoni: inaonyesha mpaka ulipoanzia.

Dhana: Turnitin ikitoa rangi ya kijani, kazi ni safi

Turnitin inapima mfanano wa maandishi, haitoi hukumu ya wizi. Kijani kinafika hadi asilimia 24. Chukua tasnifu ya maneno 6,000 yenye asilimia 8: hayo ni maneno 480. Yakiwa yametawanyika kwenye orodha ya marejeleo na virai vya kawaida kama "madhumuni ya utafiti huu", hayana neno. Yakiwa yote yametoka kwenye chanzo kimoja, kwa mfululizo, ni karibu kurasa mbili zilizonakiliwa. Kwa hiyo fungua ripoti na usome kila kipande kilichopakwa rangi. Namba peke yake haisemi kitu.

Wanaolipa watu wa saiba "wapunguziwe asilimia" hununua visawe tu, yaani kosa lile la kwanza. Wengine hupata hasara zaidi: kazi ikipitishwa kwa akaunti ya mtu mwingine na kuhifadhiwa kwenye hazina ya Turnitin, ikija kuwasilishwa chuoni itafanana na yenyewe karibu yote.

Dhana: Kutafsiri kutoka Kiingereza ni kuandika upya

Dhana hii imeshika sana kwa wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili huku vitabu vyao vikiwa vya Kiingereza. Ripoti huweza kutoka na asilimia ndogo mno, kwani maneno hayafanani. Lakini kiunzi kimehama kizima, sentensi kwa sentensi. Tafsiri ya moja kwa moja ni nukuu: itaje kuwa ni tafsiri yako na uweke ukurasa. Mtahini akitaka kuthibitisha, huweka kitabu cha Kiingereza kando ya tasnifu na kuhesabu sentensi za aya moja. Zikilingana idadi na mfuatano katika aya tatu mfululizo, hatafuti ushahidi mwingine.