Mitosisi na meiosisi: hesabu sentromia, usihesabu kromatidi

"Kabla ya seli kugawanyika DNA hujinakili, kwa hiyo idadi ya kromosomu huwa maradufu." Sentensi hii imezagaa kwenye madaftari na karatasi za mitihani. Nusu yake ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayowaponza watu, na ikishamkaa mtu kichwani, meiosisi nzima inamvurugikia.

Maana zenyewe hazina maneno mengi. Mitosisi ni mgawanyiko mmoja unaotoa seli mbili zenye idadi ya kromosomu ileile ya seli mama. Meiosisi ni migawanyiko miwili inayofuatana baada ya DNA kujinakili mara moja tu, nayo hutoa seli nne zenye nusu ya idadi hiyo. Hapo wengi hawakosei. Wanakosea kwenye kuhesabu.

Kromosomu huhesabiwa kwa sentromia, ile sehemu iliyominywa ambapo kromatidi mbili zimeshikana. Sentromia moja, kromosomu moja, hata kama ina kromatidi mbili. Chukua kitunguu maji, ambacho seli zake za mwili zina kromosomu 16, yaani jozi 8. DNA ikishajinakili, kila kromosomu inakuwa na kromatidi dada mbili. Kromatidi sasa ni 32 na DNA imekuwa maradufu, lakini kromosomu ni 16 vilevile.

Ifuate seli ya ncha ya mzizi inayoingia kwenye mitosisi. Katika profezi kromosomu hujikunja na kunenepa hadi zionekane kwa hadubini. Katika metafezi zote 16 hujipanga mstari mmoja katikati, kila moja kivyake, bila kujali mwenza wake wa jozi yuko wapi. Kisha inakuja anafezi: dada wanaachana, na kwa kuwa kila mmoja sasa ana sentromia yake, kila mmoja anaitwa kromosomu. Kwa muda mfupi seli hiyo moja ina kromosomu 32, 16 zikielekea kila upande. Idadi hupanda hapa, wala si wakati DNA inajinakili. Telofezi inafunga kazi kwa viini viwili vyenye 16 kila kimoja.

Sasa chukua seli ya ua itakayotoa chavua. Nayo inaanza na kromosomu 16 na kromatidi 32, ila katika profezi ya kwanza kromosomu wenza hutafutana, hulala ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Katika metafezi ya kwanza zinazojipanga katikati ni jozi 8. Katika anafezi ya kwanza wanaoachana ni wenza. Kromatidi dada bado zimeshikana. Kila upande unapata kromosomu 8 zenye kromatidi 16. Idadi imeshapungua nusu tayari, na anayeandika kwamba inapungua katika mgawanyiko wa pili amechelewa.

Mgawanyiko wa pili unaanza bila DNA kujinakili tena. Katika kila seli kromosomu 8 hujipanga mstari mmoja, na katika anafezi ya pili ndipo dada huachana. Seli inafikisha 16 kwa muda mfupi, kisha inagawanyika. Mwisho ni seli nne zenye kromosomu 8 kila moja.

Mtihani ukileta mchoro wa metafezi, usikimbilie kujibu. Ukiona jozi zimekaa pamoja, hiyo ni meiosisi ya kwanza. Ukiona mstari mmoja, linganisha urefu wa kromosomu na mahali sentromia ilipo. Ikiwa kila kromosomu ina mwenza anayefanana nayo mahali fulani kwenye mstari, ni mitosisi. Ikiwa hakuna mwenza hata mmoja, ni meiosisi ya pili. Swali la namna hii linawakamata hata wanaoyajua majina ya hatua zote kwa moyo.

Kuna pia msemo kwamba meiosisi ya pili "ni mitosisi tu". Kwa mwendo wa kromosomu unakubalika, maana katika zote mbili dada ndio wanaoachana. Lakini dada wa mitosisi ni nakala moja, isipokuwa pametokea kosa la kunakili. Dada wa meiosisi ya pili walishabadilishana vipande na kromatidi za kromosomu mwenza huko kwenye profezi ya kwanza, kwa hiyo kwa kawaida hawafanani tena kuanzia pale walipokatana hadi nchani. Ukiulizwa kama seli mbili zinazotokana na mgawanyiko huo zinafanana kijenetiki, andika kwamba zina idadi sawa ya kromosomu, lakini si lazima ziwe na aleli zilezile.