Nani amethibitisha ufunguo wa mhasibu wa Newala?

Msimu wa korosho ukifunguliwa, barua pepe zinazopita kati ya Newala, Masasi na Mtwara mjini hubeba vitu vinavyotamanisha wezi: orodha za malipo ya wakulima, stakabadhi za ghala, namba za akaunti. Ninatunza mifumo ya barua ya vyama vichache vya ushirika huku kusini, na barua ninayoihofia kuliko zote ni ile fupi inayosema, "Akaunti yetu imebadilika, tulipeni kwenye hii." Kusimba barua isisomwe njiani siku hizi ni kazi ya dakika chache. Kazi kubwa ni kujua ufunguo ulio mbele yako ni wa nani kweli.

Kila mtu anakuwa na funguo mbili: wa siri, anaobaki nao, na wa umma, anaougawa. Ukitaka kumwandikia mhasibu wa Newala, unasimba kwa ufunguo wake wa umma. Lakini yeyote anaweza kutengeneza ufunguo na kuuandika jina la mhasibu huyo; programu haitamzuia. Lazima awepo mtu wa kusema, "Huu ni wake." Njia mbili zilizopo zinatofautiana katika swali hilo tu: nani anasema, na amejuaje.

Njia ya kwanza ilikuja na PGP, programu ya Phil Zimmermann ya mwaka 1991, na leo wengi wetu tunaitumia kupitia GnuPG. Hapa watu wenyewe wanadhaminiana. Tuseme mimi niko Mtwara mjini na sijawahi kuonana na mhasibu wa Newala, ila nimeonana na wahasibu watatu: wa Masasi, wa Nanyumbu na wa Lindi. Kila mmoja alinisomea alama ya ufunguo wake, herufi na tarakimu 40, nami nikalinganisha na nilichokiona kwenye skrini yangu, zote 40. Tarakimu nane za mwisho hazitoshi, kwa sababu kompyuta ya kawaida inaweza kutengeneza ufunguo mwingine wenye mwisho uleule. Baada ya hapo nilizitia sahihi funguo zao. Wao nao, kwa nyakati zao, wameutia sahihi ufunguo wa Newala.

Je, GnuPG itaukubali ufunguo wa Newala? Bado, na hapa ndipo wengi hupotea. Sahihi yangu kwenye ufunguo wa Masasi inasema kitu kimoja: ufunguo huu ni wa mtu huyu. Haisemi kwamba yeye ni makini anapothibitisha funguo za wengine. Hilo la pili ninalitamka kando, kwa namba, na linabaki kwenye kompyuta yangu bila kutangazwa kwa mtu:

```
gpg --edit-key mhasibu@masasi.example
gpg> trust
```

Nikichagua 3, nimesema ninamwamini kiasi. Nikichagua 4, ninamwamini kikamilifu. Kwa mpangilio wa kawaida wa GnuPG, ufunguo wa Newala unakubalika ukiwa na sahihi moja ya mtu wa namba 4, au sahihi tatu za watu wa namba 3. Kwa hiyo nikiwapa wale wahasibu namba 3 kila mmoja, ufunguo unapita. Asipokuwepo wa Lindi, zikabaki sahihi mbili, haupiti, na barua ya Newala ikifika ikiwa imetiwa sahihi nitaona neno `[marginal]`. Mnyororo wenyewe una ukomo wa hatua tano kutoka kwangu. Ufunguo usio na mdhamini yeyote ninayemtambua unaleta onyo hili:

```
gpg: WARNING: This key is not certified with a trusted signature!
```

Onyo hilo linachosha, na katika ofisi nyingi nimekuta limezimwa kwa namba 5. Tafadhali usifanye hivyo. Namba 5 ni ya ufunguo wako mwenyewe peke yake. Ukimpa mtu mwingine, ufunguo wake unakubaliwa hata kama hukulinganisha alama, na kila ufunguo atakaoutia sahihi unakubaliwa pia. Mlaghai aliyekutumia ufunguo wa bandia atakuwa amepata idhini ya kukuletea wahasibu wote anaowataka. Ukitaka kukagua, tumia `gpg --list-keys`: neno `[ultimate]` likitokea mbele ya jina lisilo lako, una kazi ya kufanya leo.

Njia ya pili ni ya vyeti, inayoitwa S/MIME. Hapa mdhamini ni mamlaka ya vyeti, na programu ya barua kama Outlook au Thunderbird inakuja na orodha ya mamlaka hizo ikiwa imeshajazwa. Inafanana na barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa: benki haikujui, ila muhuri inautambua. Mhasibu wa Newala anapata cheti, anatuma barua, nami naona imethibitishwa bila kupiga simu Masasi wala Lindi.

Tuangalie sasa muhuri ule umeshuhudia nini. Cheti cha daraja la chini hutolewa baada ya mamlaka kutuma msimbo kwenye anwani ya barua; anayeusoma na kuurudisha anapewa cheti. Kilichothibitishwa ni kwamba mtu huyo anaweza kufungua sanduku hilo. Mwizi aliyepata nywila ya mhasibu, na ulaghai wa akaunti mara nyingi huanzia hapo, anaweza kuomba cheti kipya na akapewa kihalali. Vilevile aliyesajili anwani inayotofautiana na ya chama kwa herufi moja. Kuna vyeti vya daraja la juu ambavyo hukagua jina la taasisi, kwa hiyo fungua maelezo ya cheti uone kama jina la chama limo au ni anwani tu.

Na mamlaka yoyote iliyo kwenye orodha inaweza kumdhamini yeyote duniani. Mwaka 2011 wavamizi waliingia katika mamlaka ya Uholanzi iitwayo DigiNotar wakatoa vyeti vya bandia, kikiwemo cha Google. Vivinjari viliiondoa kwenye orodha na kampuni ikafilisika mwaka huohuo. Mtandao wa kudhaminiana nao una jeraha lake: mwaka 2019 mtu alizipakia funguo za watu wawili makumi ya maelfu ya sahihi kwenye seva za funguo, hadi GnuPG ikakwama ilipozisoma. Seva ya keys.openpgp.org sasa haisambazi sahihi za watu wengine hadi mwenye ufunguo aziidhinishe. Ndiyo maana nikishatia sahihi ninamtumia mwenyewe ufunguo wake kwa barua iliyosimbwa. Akiweza kuifungua, nimethibitisha na anwani yake.

Kwa chama chenye makarani wengi, napendelea chama kikuu kiwe na mamlaka yake ya ndani ya vyeti. Ofisi inayowaajiri ndiyo inayowajua, na karani akiondoka cheti chake kinabatilishwa siku hiyohiyo. Kwa watu watano au sita wa nje ya chama wanaopokea namba za akaunti, natumia GnuPG na kulinganisha alama ana kwa ana. Wanaotumia OpenPGP ya ndani ya Thunderbird wafahamu kwamba haifanyi ile hesabu ya sahihi tatu. Wao wataukubali kila ufunguo kwa mkono.

Upungufu mkubwa wa njia ya kudhaminiana unaonekana mhasibu akiacha kazi. Chama hakina uwezo wa kuubatilisha ufunguo wake. Mimi naweza kuondoa sahihi yangu tu, kwa `revsig`, kisha niwafikishie wengine mabadiliko hayo. Kwa hiyo siku ufunguo unapotengenezwa, tunachukua faili ya kubatilisha ambayo GnuPG huiweka kwenye folda ya `openpgp-revocs.d`, tunaichapisha, na mhasibu mwenyewe anaifunga kwenye bahasha inayokaa kwenye sefu ya chama, akijua na kuridhia nani ataifungua.